Maswali ya migogoro: tafuta nani kaacha nini

Kwenye mitihani ya usimamizi wa miradi, kwenye maswali ya kutatua migogoro, majibu mawili yanayowachanganya wengi ni maridhiano na ushirikiano, kwa sababu yote huishia kwa watu kukubaliana. Kabla ya kutazama chaguo, jiulize: kila upande umeacha nini? Mfano, mpimaji wa programu anataka wiki 4 za majaribio, kiongozi wa timu anataka 2. Wakikata katikati wakachukua 3, kila mmoja kapoteza wiki moja: hayo ni maridhiano. Lakini meneja akiuliza sababu, akagundua mpimaji anahofia sehemu ya programu inayoshughulikia malipo na kiongozi ana onyesho kwa mteja, wakaamua malipo yapimwe kwanza ndani ya wiki 2 na mengine baada ya onyesho, hakuna aliyeacha alichokihitaji. Huo ni ushirikiano. Kipimo hiki kinafanya kazi kwa sababu maridhiano hugawa madai, ushirikiano hushughulikia hitaji lililo nyuma ya madai.

Kinakwama pale ambapo hakuna uamuzi uliofikiwa. Meneja akisema tu "sote tunataka mradi ufaulu" na kuendelea na ajenda, ametuliza mambo. Akiahirisha kikao, amekwepa. Pia kinakwama swali likiuliza mbinu gani itumike, si ipi imetumika. Hapo angalia muda: kukiwa na hatari ya usalama inayotaka uamuzi sasa hivi, jibu huwa kulazimisha, hata kama ushirikiano unavutia zaidi (na watunga mitihani huuweka hapo makusudi).