Pasti pepa za Hesabu kidato cha nne: zipange kwa namba ya swali, kisha zifanye kwa saa

Nafundisha Hesabu huku Wete, skuli asubuhi na tuisheni baada ya laasiri. Kila mwaka ukifika mwezi wa saba wanafunzi huja na rundo la pasti pepa walizotoa fotokopi, na wengi wanazifanya kwa namna moja: anafungua ya mwaka mmoja, anaanza swali la kwanza, likimshinda anatazama jibu la mwenzake, anasema "ah, kumbe", anaendelea. Baada ya wiki sita kapitia karatasi kumi, na ukimpa ya kumi na moja anapata alama zile zile. Hapa naeleza ninavyowafanyisha mimi. Nazungumzia Hesabu ya kawaida ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ile ya msimbo 041, kwa kuwa ndiyo ninayoijua ndani na nje.

Hatua ya kwanza: hakikisha karatasi ni za fomati moja

Soma maelekezo ya ukurasa wa mbele kabla ya kitu chochote. Fomati ninayofanyia kazi ina maswali 14: sehemu A maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali manne ya alama 10, yote ya lazima, saa tatu. Karatasi za zamani zina maswali 16, na sehemu B mtu alichagua manne katika sita. Hizo usizitupe, maswali yake bado ni mazuri, lakini usizichanganye kwenye jedwali nitakalolieleza, maana namba zinahama na utaona mpangilio ambao haupo. Na kabla hujaanza, muulize mwalimu wako kama fomati ya mwaka wako ni hii hii, kwa kuwa mtaala ukibadilika na fomati nayo hubadilika. Karatasi za moki za mikoa na wilaya ziweke fungu lake. Watungaji wake ni wengine.

Karatasi tano za fomati moja zinatosha kuanzia. Zinapatikana kwenye tovuti ya Baraza, `necta.go.tz`, na hapo hapo kuna kitu ambacho wanafunzi wengi hawakijui: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kila somo lina yake kwa mwaka. Inapita swali kwa swali, inaeleza watahiniwa walikosea wapi, na inaweka picha ya jibu zuri na jibu bovu kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Toa fotokopi ya kurasa za maswali yanayokusumbua tu, usitoe kitabu kizima, utamaliza pesa ya nauli.

Hatua ya pili: jedwali la nafasi

Chukua karatasi kubwa, au unganisha kurasa mbili za kaunta buku. Kushoto andika 1 hadi 14 kwenda chini, juu andika miaka. Sasa, badala ya kufanya maswali, yasome tu. Katika kila chumba andika mambo mawili: umepewa nini, unatakiwa utoe nini. Usiandike jina la mada peke yake. "Mfuatano" haikusaidii kitu, kwa sababu ndani ya mfuatano kuna maswali ya sura tofauti kabisa.

Ukimaliza utaona jambo ambalo si siri, ila wengi hawajawahi kulitazama likiwa limepangwa. Namba ya swali kwa kawaida hushika mada yake. Swali la 2 ni vipeo na logarithimu. La 8 ni mfuatano na jumla yake. La 9 trigonometria na Pithagora. La 13 matriksi na mageuzi ya maumbo. La 14 fankisheni, na zile hesabu za kuchora grafu kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kabisa. Hapo ndipo mpangilio ulipo, kwenye nafasi ya swali. Mtu anayekwambia "mwaka huu swali fulani litatoka" anabahatisha, na mimi mwenyewe nikibahatisha huwa nakosa.

Tuchukue safu ya 8 tuione kwa karibu. Ukiisoma miaka mitano kwenda kulia, vyumba vyako vitajaa sura chache zinazorudi: umepewa mihula miwili, tafuta wa kwanza na tofauti, umepewa wa kwanza na uwiano, tafuta jumla, umepewa fedha na riba inayozaa riba, tafuta kiasi baada ya miaka kadhaa. Hiyo ya riba huwashangaza watoto, wanadhani imepotea njia kutoka swali la faida na hasara. Haikupotea. Riba ya namna hiyo ni mfuatano wa kuzidisha, na katika silabasi inakaa huko.

Huu ni mfano nilioutunga mimi kwa sura ya kwanza: muhula wa 3 wa mfuatano wa kujumlisha ni 11, wa 8 ni 31. Tafuta muhula wa kwanza na tofauti, kisha jumla ya mihula 20 ya mwanzo.

```
a + 2d = 11
a + 7d = 31
5d = 20,  d = 4,  a = 3
S20 = (20/2)[2(3) + 19(4)] = 10 × 82 = 820
```

Mistari minne tu. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika kwenye chumba chake "mihula miwili → a na d → jumla" hapotezi hata dakika moja kujiuliza aanzie wapi. Anaandika milinganyo miwili, anatoa mmoja kwa mwingine. Kosa linalojirudia hapa ni kuandika `a + 3d` kwa muhula wa 3. Ukilikuta kwenye daftari lako, andika kwa wino mwekundu pembeni ya safu ya 8, maana kosa nalo lina tabia ya kurudi kama swali linavyorudi.

Jambo jingine la kuangalia ni Kiingereza cha swali. Kuna neno wanafunzi hulisoma "hensi". Likitokea kipengele cha pili, maana yake jibu la kipengele cha kwanza ndilo la kutumia, si kuanza upya kwa njia nyingine. Weka alama kila unapoliona kwenye jedwali.

Hatua ya tatu: saa, lakini kwa vipande kwanza

Saa tatu ni dakika 180, alama ni 100. Kila alama ina dakika 1.8. Swali la alama 6 linapata karibu dakika 11, la alama 10 linapata 18. Ukitumia zote hivyo unamaliza kengele ikilia, huna hata dakika ya kurudia. Kwa hiyo mimi huwafundisha kwa dakika 10 na 16. Kumi mara kumi ni 100, kumi na sita mara nne ni 64, jumla 164. Zinabaki 16 za kurudi kwenye ulichokiacha.

Usianze na karatasi nzima. Wiki ya kwanza chukua safu moja, tuseme ya 8, fanya maswali yake matatu ya miaka mitatu mfululizo, dakika 10 kila moja. Kesho yake safu nyingine. Ukizoea, fanya nusu karatasi kwa dakika 82, kisha nzima, asubuhi, mezani, kabla nyumba haijaanza kukutuma dukani.

Simu ikae chumba kingine, utumie saa ya ukutani. Sababu kubwa ni kikokotoo. Mtihani huu hauruhusu kikokotoo, unaruhusu majedwali ya hesabu tu, na mtoto aliyefanya mazoezi miezi mitatu kwa simu hajui kuwa swali la 2 linamla dakika 19, mpaka siku anapofungua majedwali akakuta hakumbuki kusoma safu ya tofauti. Fanya zoezi na majedwali yale yale utakayoingia nayo.

Kila unapomaliza swali, andika dakika pembeni ya karatasi. Hilo tu.

Hatua ya nne: soma dakika zako kabla ya alama zako

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana mzuri wa hesabu, alifanya karatasi nzima ya kwanza mwezi wa nane. Dakika zake zilikuwa hivi, swali la 1 mpaka la 12: 12, 19, 10, 13, 31, 9, 14, 9, 16, 12, 20, 15. Jumlisha. Ni 180 kamili. La 13 na la 14 hakuyagusa, alama 20 zimelala pale.

Akaniambia, "Maalim, karatasi ilikuwa ngumu." Nikamwambia achukue la 13 peke yake, pale pale, nikaangalia saa. Alilimaliza kwa dakika 14, akakosea ishara moja tu ya kutoa kwenye kinyume cha matriksi. Sasa tazama lile la 5, la jiometri, lililomla dakika 31: alipata alama 2. Dakika 21 za ziada alizotia hapo hazikumpa kitu, na zingetosha kulifanya la 13 zima.

Kwa hiyo tukapanga upya. Alipewa ruhusa ya kuanza na safu alizokuwa na hakika nazo, yaani 13, 8, 7 na 6, ndipo arudi mwanzo. Na sheria moja: dakika 10 zikifika kwenye swali la sehemu A na hujaona mwisho, acha nusu ukurasa, hama. Ulichokwisha kuandika usikifute. Mistari sahihi ya njia ina alama zake hata kama jibu la mwisho halikupatikana, ndiyo maana yeye alipata zile 2.

Kusahihisha fanya siku ya pili, akili ikiwa imepoa. Pita mstari kwa mstari, usitazame jibu la mwisho peke yake. Kila kosa lipe jina moja kati ya matatu: sikujua, nilijua nikakosea hesabu, sikufika. La kwanza linakurudisha kwenye kitabu. La pili linataka maswali zaidi ya safu ile ile kwa saa. La tatu halihusu hesabu hata kidogo, ni mpangilio, na ndilo lililokuwa likimmaliza yule msichana.

Karatasi yake ya pili aliifanya wiki mbili baadaye. Pembeni ya swali la 5 kaandika "10", chini yake mistari mitatu na mchoro, kisha nusu ukurasa mweupe. La 13 lilikuwa la kwanza kabisa kwenye kijitabu chake, dakika 15. La 14 alilifikia zikiwa zimebaki dakika 22, na grafu aliichora kwa penseli na rula.