Somo: Maneno ya video ya dakika mbili ya kuombea ufadhili wa masomo

Anza na ushahidi, hadithi itafuata. Kabla ya kuandika sentensi yoyote, tafuta jambo moja ulilolifanya kwa muda mrefu bila kusukumwa, na ambalo mtu mwingine anaweza kulithibitisha.

Tumchukue mwombaji anayetaka kusomea ualimu wa wanafunzi viziwi. Rasimu yake inasema: "Tangu utotoni nina moyo wa kuwasaidia viziwi." Hayo hata aliyeamua jana anaweza kuyasema. Aandike hivi:

"Mdogo wangu ni kiziwi. Kila Jumamosi, kwa miezi 14, nimemfundisha hesabu kwa lugha ya alama, yeye na wenzake watatu. Wawili sasa wanajua kugawanya. Wawili bado."

Hao wawili wa mwisho wasifutwe. Ndio wanaoonyesha kwamba mwombaji anaijua kazi yake, na ndio daraja la kufikia kozi: "Nimekwama kwenye hesabu za kugawanya, kwa sababu sijui mbinu ya kuzieleza kwa alama. Kozi hii ina somo la mbinu hizo." Taja somo lenyewe kama lilivyoandikwa kwenye mtaala wao.

Muda ugawe hivi: sekunde 20 za tukio, 50 za kazi na ushahidi, 30 za pengo na kozi, zinazobaki za utakachofanya ukihitimu. Kwa Kiswahili, maneno 200 hivi yanatosha. Soma kwa sauti huku ukipima. Ukizidisha, punguza utangulizi, kwani humo ndimo maneno hujaa bure. Jina lako sentensi moja tu.

Unapotaja Jumamosi zile, onyesha daftari la mahudhurio kwa sekunde tatu, majina ya watoto yakiwa yamefunikwa.

Mwisho, linganisha kila tarakimu na fomu pamoja na barua ya mdhamini wako. Video ikisema miezi 14 na barua ikasema "tangu mwaka huu", msomaji ataanza kutilia shaka hata yaliyo kweli.

Maswali ya wanachama

*Sina cheti chochote cha kujitolea. Nitaonyesha nini?*
Cheti si lazima. Picha zenye tarehe, daftari, ujumbe wa mzazi (kwa ruhusa yake), hata ratiba iliyochakaa ukutani. Kama hakuna hata kimoja, mtaje kwa cheo mtu anayeweza kuulizwa, na umwarifu mapema.

*Nimefiwa na mzazi na ndiyo sababu ya kuchagua udaktari. Nianze na msiba?*
Unaweza, ila usipite sentensi mbili. Msiba unaeleza kwa nini ulianza. Kamati inapima ulichofanya baada yake. Rasimu nyingi za aina hii hufika dakika ya pili mwombaji akiwa bado hospitalini.

*Nisome kwenye karatasi?*
Macho yatakusaliti. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho neno kwa neno, katikati kumbuka hoja tatu tu, ubandike vidokezo vyake karibu kabisa na lenzi.