Jumla ya namba sita za bahati nasibu: kwa nini hukaa katikati, na je, ukichagua kwa jumla unapata nini?

Katika mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49, kuna ushauri unaouzwa na kugawiwa bure kila mahali: jumlisha namba zako sita, hakikisha jumla iko kati ya 115 na 185, kwa kuwa droo nyingi huangukia humo. Sehemu ya pili ya ushauri huo ni kweli tupu. Sehemu ya kwanza haikupi chochote. Mwongozo huu unaonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja bila kupingana, na unaweza kuhakiki kila hatua kwa kalamu au kwa mistari michache ya Python.

Hatua ya 1: Anza na mchezo mdogo unaoweza kuuandika wote

Usianze na 49. Chukua mipira sita tu, namba 1 hadi 6, ukichomoa miwili. Jozi zinazowezekana ni 15, nazo zote zinaenea kwenye karatasi. Ziandike ukizipanga kwa jumla yake:

- Jumla 3: 1-2
- Jumla 4: 1-3
- Jumla 5: 1-4, 2-3
- Jumla 6: 1-5, 2-4
- Jumla 7: 1-6, 2-5, 3-4
- Jumla 8: 2-6, 3-5
- Jumla 9: 3-6, 4-5
- Jumla 10: 4-6
- Jumla 11: 5-6

Tazama umbo lake. Ili upate 3 huna ujanja: lazima itoke 1 na itoke 2. Ili upate 7 una njia tatu, kwa sababu namba ndogo inaweza kufidiwa na kubwa, na za kati zikabebana zenyewe. Katikati kuna njia nyingi za kufika, pembeni njia ni moja. Hiyo ndiyo sababu yote ya msongamano. Hakuna mpira unaopenda katikati, wala mashine haisawazishi kitu.

Sasa weka kidole juu ya jozi 3-4, kisha juu ya 1-2. Jumla ya 7 hutokea mara 3 katika 15. Lakini 3-4 yenyewe hutokea mara 1 katika 15, sawasawa na 1-2. Jumla ya 7 ina wenyeji watatu, na tiketi yako ni mmoja wao tu. Ukilishika hili, yanayofuata ni ufafanuzi.

Hatua ya 2: Panda hadi 6 kati ya 49

Hapa michanganyiko ni 13,983,816. Jumla ndogo kabisa ni 21 (1-2-3-4-5-6) na kubwa kabisa ni 279 (44 hadi 49). Kati yake ni 150, na unaweza kuthibitisha bila hesabu nzito kwamba pande zote mbili zinalingana: chukua mchanganyiko wowote, kila namba uitoe kwenye 50, utapata mchanganyiko mwingine halali. Mfano, 3-11-20-28-35-40 unageuka kuwa 10-15-22-30-39-47. Wa kwanza una jumla 137, wa pili 163, na pamoja ni 300. Kila mchanganyiko ulio chini ya 150 una pacha wake aliye juu ya 150 kwa umbali uleule.

Kwa mchezo wowote wa namba n kati ya N, kanuni mbili zinatosha, moja ya wastani na moja ya mtawanyiko, yaani jinsi jumla zinavyosambaa kuuzunguka wastani huo:

```
wastani     = n * (N + 1) / 2
mtawanyiko  = sqrt( n * (N - n) * (N + 1) / 12 )
```

Kwa 6 kati ya 49 wastani ni 150 na mtawanyiko ni karibu 32.8. Kwa 6 kati ya 59 wastani unapanda hadi 180 na mtawanyiko karibu 39.9. Kwa hiyo mtu anayetoa kipimo cha 115 hadi 185 bila kuuliza unacheza mchezo gani ananakili tu alichokikuta.

Hatua ya 3: Hesabu njia za kila jumla

Huna haja ya kuorodhesha michanganyiko milioni 14. Pitia namba moja moja, ukiuliza kila mara: nikiongeza namba hii, ni njia ngapi mpya za kufikia kila jumla zinapatikana?

```python
njia = [[0]*280 for _ in range(7)]
njia[0][0] = 1
for namba in range(1, 50):
    for k in range(6, 0, -1):
        for j in range(namba, 280):
            njia[k][j] += njia[k-1][j-namba]

print(sum(njia[6]))
print(njia[6][21:26])
print(njia[6][150])
print(sum(njia[6][115:186]))
```

Mstari wa kwanza utakaochapwa lazima uwe 13983816. Ukipata kubwa zaidi, huenda umezungusha `k` kutoka chini kwenda juu, na programu inaruhusu namba moja kutumika mara mbili. Wa pili lazima uwe `[1, 1, 2, 3, 5]`, na huo unaweza kuuhakiki kwa mkono: jumla ya 23, kwa mfano, ina michanganyiko miwili tu, 1-2-3-4-5-8 na 1-2-3-4-6-7. Wa tatu unaonyesha kwamba jumla ya 150 peke yake ina michanganyiko takriban 166,000. Wa nne ndio ule ukanda wa washauri: karibu michanganyiko milioni 10, yaani asilimia 71 hivi ya yote.

Kwa hiyo mtu akikuletea kumbukumbu za droo na kukuonyesha kwamba asilimia 70 na kitu ziliangukia kati ya 115 na 185, mwamini. Ila ameonyesha tu kwamba droo zilifuata idadi ya michanganyiko. Ingekuwa habari kama zingekataa kuifuata.

Hatua ya 4: Pima ushauri wenyewe

Rudi kwenye mchezo mdogo. Tuseme unakubali kucheza jozi zenye jumla 6 hadi 8 tu. Jozi hizo ni saba. Uwezekano wa droo kuangukia humo ni 7/15, karibu nusu, na hapo ndipo moyo unapofurahi. Lakini ikishaangukia humo, bado unahitaji jozi yako iwe ndiyo kati ya zile saba, yaani 1/7. Zidisha:

```
7/15 * 1/7 = 1/15
```

Saba ya juu inafutwa na saba ya chini. Ukipanua ukanda, droo huangukia humo mara nyingi zaidi lakini unagombania nafasi na jozi nyingi zaidi. Ukiubana, kinyume chake. Kwenye 49 ni hivyohivyo: milioni 10 inagawanya na milioni 10 inazidisha, unabaki na 1 kwa 13,983,816, iwe tiketi yako ina jumla 150 au 21.

Kuna wanaojitetea kwamba angalau wanakwepa michanganyiko "isiyotoka". Wanakwepa karibu asilimia 29 ya michanganyiko, na pamoja nayo asilimia 29 ya droo. Na wasikimbilie zawadi ndogo pia: uwezekano wa kulenga namba tatu kamili ni karibu 1 kwa 57 kwa tiketi yoyote, kwa sababu kulenga namba kunategemea ni ngapi zimefanana, si zinajumlika kuwa ngapi.

Hatua ya 5: Tazama mahali ambapo chaguo lako lina uzito

Uwezekano haubadiliki, lakini kiasi utakacholipwa kinaweza kubadilika, pale zawadi kuu inapogawanywa kwa wote walioshinda. Hapo swali ni: nani mwingine ana namba hizi?

Mfano halisi ni droo ya Uingereza ya tarehe 14 Januari 1995, wakati mchezo wao ulikuwa 6 kati ya 49. Zilitoka 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Washindi wa zawadi kuu walikuwa 133, kila mmoja akaondoka na pauni 122,510. Kama wachezaji wangechagua kwa kubahatisha kabisa, ingehitajika tiketi zaidi ya bilioni 1.8 ili kutegemea washindi 133.

Jumlisha namba hizo: 159. Jumla nzuri kabisa kwa mizani ya washauri, katikati ya ukanda wao, na ilikuwa miongoni mwa tiketi mbaya zaidi za kushinda nazo. Angalia tarakimu za mwisho: 7, 7, 3, 2, 8, 2. Ukipanga namba 1 hadi 49 tano kwa kila mstari, zote sita zinakaa kwenye safu ya pili na ya tatu. Mkono wa mtu anayejaza fomu huelea katikati ya karatasi, na jumla haioni hilo.

Je, jumla haisaidii hata kidogo hapa? Kidogo mno, na kwa njia ya kuzunguka. Wengi hucheza tarehe za kuzaliwa, yaani 1 hadi 31, na wastani wa jumla ya namba sita za namna hiyo ni 96. Basi tiketi zenye jumla ndogo huwa na msongamano wa watu. Lakini anayetaka kuwakwepa anahitaji namba zilizo juu ya 31 na mpangilio usio na mchoro, na hilo hulipati kwa kuangalia jumla: 2-3-4-46-47-48 ina jumla 150. Njia rahisi ni kuiacha mashine ya kuuzia tiketi ikuchagulie namba. Nayo haiongezi uwezekano wa kushinda, na kwa tiketi ya kawaida wastani wa unachopata bado uko chini ya bei yake.

Hatua ya 6: Itumie jumla kukagua kumbukumbu

Hapa ndipo mimi huitumia kweli. Ukipakua matokeo ya droo 400 za 6 kati ya 49, wastani wa jumla zake unapaswa kuwa karibu na 150, na kosa la kawaida la wastani huo, yaani kiasi unachoyumba kwa bahati tu, ni 32.8 gawanya kwa mzizi wa 400, sawa na 1.64. Mara nyingi utapata kitu kati ya 146.7 na 153.3. Ukipata 175, usishuku mashine ya droo: 175 ndio wastani wa mipira saba, na faili lako limejumlisha na namba ya ziada. Ukipata wastani unaoshuka ghafla au kupanda kuanzia tarehe fulani na kubaki hapo, tafuta kwanza kama mchezo ulibadilisha idadi ya mipira, kama Uingereza ilivyofanya mwaka 2015 ilipohama kutoka 49 kwenda 59. Gawa faili hapo, kisha kokotoa wastani wa kila kipande peke yake.