FRA riba ikipanda: malipo ya benki na gharama halisi ya mkopo

Juzi jirani yangu hapa Ntinda, anayejiandaa kwa mtihani wa CPA, aliniletea swali lililomkwamisha jioni nzima. Namba ni hizi: kampuni ya Kampala itakopa shilingi bilioni 2 baada ya miezi 3, kwa miezi 6, kwa riba ya soko kuongeza asilimia 1. Imenunua FRA ya 3v9 kwa asilimia 13, yaani mkataba na benki wa kupanga leo riba ya mkopo wa baadaye, ambapo hulipwa tofauti tu ya riba. Siku ya kukopa ilipofika, riba ya soko ilikuwa 15.

1. Chora mstari wa muda. Weka mwezi 0, 3 na 9. Katika 3v9, tisa ni mwezi wa kumaliza. Mkopo wenyewe ni wa miezi 6. Chora kwa kalamu kabla ya kugusa kikokotoo.

2. Tafuta tofauti. Riba imepanda kupita 13, kwa hiyo benki inailipa kampuni. Asilimia 2 ya bilioni 2 kwa nusu mwaka ni milioni 20.

3. Irudishe mwezi wa 3. Hapa ndipo jirani yangu alipokwama, na mimi pia niliwahi kupoteza saa nyingi hapa hapa. Riba ya mkopo hulipwa mwishoni, mwezi wa 9, lakini FRA hufungwa mkopo unapoanza. Kwa hiyo benki haitoi milioni 20 kamili, inatoa thamani yake ya mwezi wa 3:

```
20,000,000 ÷ (1 + 0.15 × 6/12) = 18,604,651
```

Yeye alikuwa ameweka 13, kisha akajaribu 16. Zote si sahihi. Inayotumika ni riba ya soko ya siku ile, 15, bila nyongeza ya benki, kwa sababu nyongeza ni jambo la mkopo, na FRA hailijui. Muda nao ni miezi 6, si 9. Ukipata zaidi ya milioni 20, umezidisha mahali pa kugawanya.

4. Gharama ya mkopo. Kampuni inakopa kwa 16, riba ni milioni 160. Toa milioni 20, inabaki milioni 140, yaani asilimia 14 kwa mwaka: 13 ya FRA na 1 ya nyongeza. Ukitoa 18,604,651 utapata 14.14, kwa kuwa umechanganya fedha za mwezi wa 3 na za mwezi wa 9.

Swali likisema kampuni ilitumia malipo hayo kupunguza mkopo, kokotoa upya: inakopa 1,981,395,349 kwa 16 na kurudisha 2,139,906,977. Hiyo ni asilimia 13.99, si 14 kamili, kwa sababu fedha zilipunguzwa kwa 15 lakini zimeiokolea kampuni riba ya 16.