Kaimati: shira ivutike uzi kwanza

Wengi hulaumu unga kaimati zikilegea, kumbe kosa liko kwenye shira. Shira nyepesi haigandi juu ya kaimati, inapenya ndani, na baada ya nusu saa unatafuna sponji.

Mimi napika sukari kikombe 1 kwa maji nusu kikombe, na iliki kidogo. Ikichemka natia matone machache ya ndimu ili sukari isirudi kuwa chenga. Usiangalie saa. Chukua tone, liache lipoe kidogo, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uvitenganishe. Likivuta uzi usiokatika upesi, epua. Mimina kaimati humo na uzigeuze mfululizo mpaka shira ishike pande zote na sufuria ianze kukauka.

Unga wenyewe uwe mzito wa kuvutika, si wa kumiminika: vikombe 2, hamira kijiko kidogo 1, maji vuguvugu kama kikombe 1 na robo, na uupige kwa mkono hadi ujae mapovu. Hapa Nakuru jioni za baridi huchelewa kuumuka, kwa hiyo mimi huweka bakuli karibu na jiko.

Mafuta yawe ya moto wa wastani, na uzikoroge kaimati bila kuacha. Zikibadilika rangi ndani ya dakika moja, punguza moto. Ndani bado ni mbichi.