Jinsi ya kupanga zamu za watahiniwa wa mdomo ili nafasi isimpunje mtu alama

Orodha ya mtihani wa mdomo au ya usaili ikipangwa kwa alfabeti, walewale hutangulia kila mwaka, na jopo hukutana nao kabla halijajua kiwango cha kundi zima. Mtahini makini huanza kwa kubana alama, kwa sababu akimpa wa kwanza 80 hajui atampa nini aliye bora zaidi atakapokuja, na kadiri siku inavyosonga mkono wake hulegea. Zaidi ya hapo, kila mtahiniwa hupimwa dhidi ya aliyetoka muda huohuo: anayemfuata hodari huonekana dhaifu kuliko alivyo, na anayemfuata aliyebabaika huonekana nafuu. Hata katika mashindano ya muziki ya Malkia Elisabeth mjini Brussels, ambako zamu hupangwa kwa kura, uchambuzi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba waliopiga mwishoni walielekea kushika nafasi bora kuliko waliotangulia.

Mfano huo ndio sababu ya mimi kusisitiza kwamba kura peke yake haitoshi. Kura huzuia upendeleo na huondoa dhuluma ya alfabeti, lakini atakayeangukia nafasi ya kwanza bado ataumia. Njia ninayoieleza hapa inahitaji majopo mawili yanayofanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja likiwa na mada yake, na watahiniwa 12 ambao wote watapita kwa majopo yote mawili.

Hatua ya kwanza ni kupiga kura mbele ya shahidi. Karatasi zilizokunjwa zinafaa kabisa. Ukitumia jedwali la kompyuta, andika `=RAND()` mbele ya kila jina, kisha nakili namba hizo na uzibandike kama thamani tupu kabla ya kupanga orodha, la sivyo zitabadilika kila unapogusa jedwali na hutaweza kuthibitisha kura ilivyotoka.

Hatua ya pili ni kugeuza orodha. Jopo A linaanza na mtahiniwa namba 1 hadi 12, na Jopo B linaanza na namba 12 kurudi hadi 1. Jumla ya nafasi mbili za kila mtu ni 13: wa kwanza kwa A ni wa 12 kwa B, wa nne ni wa tisa. Wengi hupendelea kusogeza tu mwanzo, yaani B ianze na namba 7 na kuzunguka, lakini hapo namba 5 atamfuata namba 4 katika majopo yote mawili, na kama namba 4 ni hodari mno, ataumizwa mara mbili. Orodha ikigeuzwa, namba 5 humfuata namba 4 kwa A na namba 6 kwa B. Mapumziko yawekwe baada ya zamu ya sita, kwa kuwa namba 6 na 7 ndio wanaobadilishana vyumba papo hapo. Kasoro ya mpango huu ni kwamba namba 1 na 12 husubiri muda mrefu sana, kwa hiyo waandalie mahali pa utulivu, mbali na wale ambao hawajaulizwa mada hiyo.

Hatua ya tatu: kila mtahini aandike alama kwa kila swali, akifuata maelezo ya viwango yaliyokubaliwa kabla, na karatasi ikusanywe kabla mlango haujafunguliwa kwa mwingine. Mazungumzo ya jopo yaje baadaye.

Hatua ya nne ni ukaguzi. Tuseme A limewapa namba 1 hadi 6 wastani wa 58, na namba 7 hadi 12 wastani wa 66. Ungeamini kwamba kundi la pili ni bora kwa alama 8. Lakini B, lililoanza na kundi la pili, limelipa 60 na kundi la kwanza 65, yaani kundi la pili liko nyuma kwa alama 5. Tofauti halisi ya makundi ni nusu ya 8 kutoa 5, yaani 1.5, na athari ya zamu ni nusu ya 8 kujumlisha 5, yaani 6.5. Wastani wa majopo mawili umeshaifuta athari hiyo, mradi majopo yote yamelegea kwa kiasi kinachokaribiana. Jopo moja likilegea na jingine likikaza, hesabu hii haitakuonyesha, na itabidi uangalie alama za kila mtahini kwa mpangilio wa zamu.

Mwenye jopo moja tu awape watahini majibu mawili yaliyorekodiwa wayasahihishe kabla ya kuanza, moja zuri na moja la wastani, kisha mwisho wa siku wayapitie tena maandishi yao kuhusu watahiniwa watatu wa mwanzo. Alama ibadilishwe pale tu ambapo kigezo kilichoandikwa kinaruhusu, na sababu iandikwe kando yake.