Namna ya kupanga picha za bidhaa kwa ubora: usijumlishe alama

Tuchukue pochi nyeusi ya ngozi, picha 12, na unatafuta ya kutangulia dukani. Kila picha ipe alama 1 hadi 5 kwa mambo matatu: undani, mwanga na mandharinyuma. Anza na undani, kwa sababu mandharinyuma yenye kijivu yanaweza kung'arishwa baadaye, lakini ukungu hauponi.

1. Undani

Fungua picha kwenye kompyuta, ikuze hadi 100%. Ukiitazama ikiwa imebanwa kuenea kwenye kioo, utadanganyika: picha ikipunguzwa, ukungu nao hujificha. Chagua sehemu moja, tuseme mshono ulio kando ya zipu, na uitazame hiyohiyo katika picha zote 12. Uzi uhesabike mmoja mmoja.

Ukiona ukungu, tafuta chanzo chake. Vimeta vya zipu vikigeuka vistari vinavyoelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Zipu ikiwa na ukungu lakini meza iliyo mbele yake inaonekana vizuri, kamera ililenga pasipostahili. Aina ya tatu ndiyo inayowapita wengi: kingo ni kali, ila ngozi imelainika kama plastiki. Hapo mwanga ulikuwa hafifu, picha ikajaa chengachenga, simu ikazifuta na vinyweleo vya ngozi vikaenda nazo. Mteja atadhani si ngozi halisi. Hiyo isipate zaidi ya 2, hata ikivutia vipi.

Picha yenye undani chini ya 3 itoke kabisa.

2. Mwanga

Kwa kitu cheusi, tazama kivuli chini ya kifuniko: bado unaona mshono, au ni weusi mtupu? Kimeta kidogo kwenye kifungo cha chuma si kosa. Doa jeupe katikati ya ngozi ni kosa, maana pale hakuna rangi iliyobaki ya kuokoa. Upande mmoja ukiwa wa manjano na mwingine wa buluu, taa ya ndani imechanganyika na mwanga wa dirishani; toa alama 2, kwani kurekebisha upande mmoja huharibu mwingine.

3. Mandharinyuma

Safi, bila mikunjo, ukingo wa pochi ukijitenga. Basi.

4. Kupanga

Picha A ina undani 2, mwanga 5, mandharinyuma 5: jumla 12. Picha B ina 5, 3, 3: jumla 11. Ukijumlisha, A inashinda, nayo ndiyo ile yenye ngozi ya plastiki. Kwa hiyo panga kwa undani kwanza. Zikilingana, tazama mwanga, kisha mandharinyuma. Zikilingana hata hapo, zipunguze hadi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba uziweke bega kwa bega. Inayotambulika upesi kuwa pochi ndiyo itangulie.